Ndugu Akikuomba Mkopo: Namna ya Kukataa kwa Sentensi Mbili na Kuishia Hapo

Wengi wanaoniuliza kuhusu jambo hili wanakwama mahali pale pale. Kukataa wanakataa, ila wanaendelea kueleza. Mjomba anaomba laki tano, nao wanajibu kwamba ada za watoto hazijakamilika, bati zimepanda bei, mshahara bado haujaingia. Dakika kumi baadaye mjomba ameshapata jibu la kila kimoja: ada unaweza kumalizia muhula ujao, bati hazina haraka, na kama mshahara unaingia tarehe 25, yeye atasubiri mpaka tarehe 26. Simu inakatwa, na aliyepiga kukataa ameahidi.

Sababu unazotoa ndizo zinazokuangusha. Kila unayoitaja inageuka tatizo, na ndugu yako, kwa nia njema kabisa, anakusaidia kulitatua mpaka usibaki na pa kusimama.

Tunaeleza sana kwa sababu kwetu "hapana" kavu ni utovu wa adabu, hasa kwa mkubwa. Hilo ni kweli. Lakini adabu yetu haikai kwenye maelezo. Inakaa kwenye salamu, kwenye kumwita mtu kwa cheo chake cha udugu, kwenye kumpigia wewe badala ya kumwacha akutafute. Huko refusha utakavyo. Jibu lenyewe lifupishe.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Muuguzi anafanya kazi Dodoma. Mjomba wake, kaka wa mama yake, yuko Singida. Alizeti imevunwa, na mjomba anataka Sh 500,000 akusanye magunia wakati bei iko chini, auze ikipanda. "Nikiuza tu, nakurudishia." Nimechagua mfano mgumu kwa makusudi: mwombaji ni mkubwa, si mvivu, biashara yake ina mantiki, na zamani aliwahi kumlipia muuguzi huyu ada ya shule.

Ugonjwa, msiba na njaa haviingii humu. Hivyo ni msaada, unatoa ulichonacho na hudai. Mwongozo huu ni wa mkopo tu.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Uamuzi uliokamilika. Ukipiga simu bado unasitasita, atakusikia kwenye sauti.
- Mwenzi wako awe anajua, kama unaye.
- Sentensi mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa mkono wako.
- Dakika za kutosha kwenye simu, na mahali ambapo hakuna anayekusikiliza.
- Kiasi cha zawadi, kama utatoa. Kinaweza kuwa sifuri, lakini kipange kabla ya mazungumzo, kisije kupangwa katikati yake.

## Hatua ya 1: Usijibu papo hapo, ila taja saa ya kujibu

Ombi huwa linakuja usilitarajie: uko zamu, uko kwenye daladala, au umetoka tu kucheka naye habari nyingine. Mdomo unaahidi kabla akili haijafika. Kwa hiyo siku ya ombi sema hili tu:

"Mjomba, nimekusikia. Kesho saa moja jioni nitakupigia nikupe jibu."

Saa ni muhimu kuliko unavyodhani. "Ngoja niangalie", "tumwombe Mungu" na "mwisho wa mwezi tutaona" ni maneno mazuri, ila masikioni mwa mwenye shida yote yana maana ya ndiyo inayochelewa. Mjomba atamwambia mwenye magunia amwekee. Siku utakayokataa, utakuwa umevunja na heshima yake kwa yule muuzaji pia.

Usiulize maswali ya mkopeshaji. Ni magunia mangapi, bei ikoje, utarudisha lini: mtu anayeuliza hayo ameshaanza kukopesha. Mjomba atajibu vizuri kila swali, halafu utakataa kwa msingi gani?

Na usimkaushie. Kutopokea simu si kukataa, ni kumwacha mtu njiani. Ndugu wengi wanasamehe kunyimwa, lakini hawasahau kwamba walipiga mara nne na simu ikaita tu. Usipitishe siku moja, kwa sababu kuna wengine anaoweza kuwaendea, na kila siku unayomchelewesha ni siku anayoipoteza kwako.

*Umefaulu ikiwa* ombi limeisha na mjomba anajua saa, hajasikia ahadi.

## Hatua ya 2: Amua, na mwenzio ajue

Jiulize swali moja: pesa hii isiporudi kabisa, nitaweza kukaa na mjomba bila kinyongo, na bila mimi mwenyewe kwenda kukopa? Kama jibu ni hapana, basi huna mkopo wa kutoa. Huna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Swali hili lina nguvu kwa sababu mkopo wa ndugu hauna wa kuudai. Kikoba kina hisa, wadhamini, daftari, mwenyekiti na siku ya marejesho ambayo wote wanaona nani kaleta na nani hakuleta. Wewe huna hata kimoja. Utamdai mjomba kwa lipi? Utaishia kukaa kimya na kumchukia kidogo kidogo, naye atakuwa anakukwepa kwenye harusi.

Usijidanganye kwa nusu. Laki mbili na nusu isiyorudi inadaiwa kwa shida ile ile ya laki tano, na umemwonyesha kwamba jibu lako hupungua likisukumwa.

Kisha mwambie mwenzio. Si kuomba ruhusa tu; ni ili mjomba akimpigia yeye, asikie kauli ile ile. Onyo langu kubwa hapa: usimtumie mwenzio kama ngao. "Mume wangu amekataa" inakuokoa jioni moja, na inamgharimu yeye miaka. Ukweni watamhesabia kwamba ndiye aliyekubadilisha, na kosa hilo halifutiki kwa urahisi.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema jibu lako chumbani, mbele ya mwenzio, bila neno "labda".

## Hatua ya 3: Andika sentensi mbili

Hizi hapa za muuguzi wetu:

"Mjomba, lile suala la pesa ya alizeti nimelifikiria vizuri. Mkopo huo sitaweza kukupa."

Sentensi ya kwanza inamheshimu: imemtaja kwa cheo chake, imeonyesha ulimsikia na hukulipuuza jambo lake. Ya pili inajibu. Basi.

Sasa tazama kilichoondolewa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Kimeondolewa "kwa sasa". Ukisema "kwa sasa sitaweza", umempa tarehe bila kuitaja. Atarudi mwezi ujao, naye atakuwa na haki ya kurudi.

Kimeondolewa "sina". Kama unayo, umedanganya, na ukoo una macho. Picha ya nyumba yako ikiezekwa itafika kwenye kundi la Wasapu kabla misumari haijaisha. Kama kweli huna, leo huna, tarehe 25 utakuwa nayo. Kwa vyovyote vile "sina" inageuza mazungumzo yawe ya mfuko wako, na mfuko wako hauhusiki hapa.

Zimeondolewa pia samahani tatu tatu. Moja inatosha, na si lazima. Zikirundikana, mjomba anasikia hatia, na mtu mwenye hatia huwa anakubali mwishoni.

Kwa mdogo wako au binamu wa rika lako unaweza kunyoosha zaidi: "Mdogo wangu, nimefikiria ulichoniomba. Sitakukopesha." Kwa mkubwa, "sitaweza" inatosha, kila aliyelelewa kwetu anajua ni namna ya heshima ya kukataa.

Soma kwa sauti. Ikihitaji upumue mara tatu, bado ni ndefu. Kata.

## Hatua ya 4: Piga simu wewe, saa ile uliyosema

Pigia, usiandike. Ujumbe wa maandishi unasomwa kwa sauti ya msomaji, na msomaji aliyenyimwa ana sauti kali. Ujumbe huo unaweza pia kupigwa picha na kupelekwa kwenye kundi. Ujumbe wa sauti nao epuka, kwa sababu mtu akirekodi bila kujibiwa huwa anaeleza bila kikomo.

Salimia kikamilifu. Shikamoo, hali ya nyumbani, mgongo wa bibi unaendeleaje. Hapa usikimbie, hapa ndipo upole wako unapoonekana. Ila salamu zikiisha, sema jibu mara moja, kabla hajaanza kueleza upya. Ukimwacha asimulie alizeti kwa dakika tano halafu ukatae, atahisi umemsikiliza ili umwangushe.

Ukishasema sentensi mbili, nyamaza. Kimya hicho ndicho sehemu ngumu kuliko zote, na ndani yake ndimo sababu zinapochomoka zenyewe. Shika karatasi yako. Mwache yeye aseme kwanza.

*Umefaulu ikiwa* aliyevunja kimya ni yeye.

## Hatua ya 5: Rudia, usiongeze

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mjomba, lile suala la pesa ya alizeti nimelifikiria vizuri. Mkopo huo sitaweza kukupa.

— Aa. Kwani kuna tatizo gani mwanangu?

— Hakuna tatizo mjomba. Nimelifikiria tu, sitaweza.

— Hata nusu?

— Hata nusu, mjomba.

— Sawa. Lakini ukumbuke ada yako ya kidato cha tatu nilitoa mimi.

— Ulitoa mjomba, na sijasahau. Mungu akuzidishie. Mkopo huu sitaweza.

— Basi nichukulie kwenye kikoba chenu. Marejesho nitakuwa natuma mwenyewe kila wiki.

— Kwenye kikoba pia sitaweza, mjomba.

— Haya.

— Nakuombea biashara iende vizuri. Nisalimie wote nyumbani.

Tazama swali la kwanza. "Kuna tatizo gani?" ni mlango wa maelezo, na umefungwa kwa kusema hakuna tatizo. Ukitaja hata moja dogo, mazungumzo yanaanza upya.

La ada linahitaji nafasi yake, kwa sababu hapo ndipo watu wazuri wanaanguka. Mjomba hasemi uongo. Alitoa. Kosa ni kubishana nalo ("lakini ilikuwa muhula mmoja tu") au kulikwepa. Likubali lote, kwa sauti, na umshukuru kama anavyostahili. Kisha rudia jibu. Shukrani na mkopo ni vitu viwili: ukitaka kumlipa fadhila, utamlipa kwa njia uliyoichagua na kwa wakati wako, kwa kumtibia, kumvisha, kumsomeshea mtoto. Mkopo wa biashara hauilipi ile ada. Akishindwa kuurudisha, utakuwa na deni la shukrani lile lile, na juu yake kinyongo.

La kikoba lijue vizuri, kwa sababu linasikika kama halikugusi. Katika vikoba vingi mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Ukichukua kwa ajili ya mjomba, daftari lina jina lako, wadhamini ni wanachama wenzako, na mgao ukifika ni hisa zako zitakazokatwa. Yeye hayumo kabisa kwenye hesabu. Ombi la kumkopea kwenye simu, au kumdhamini mahali, ni ombi lile lile limebadilisha nguo, na linastahili jibu lile lile.

Akisema neno la kuchoma, kwa mfano "umebadilika tangu upate kazi" au "mama yako hakuwa hivi", usijitetee. "Nimekusikia mjomba" inatosha. Kujitetea ni maelezo pia.

Mwisho, wewe ndiye umalize simu, kwa dua na salamu. Mara tatu au nne za kurudia zinatosha, zikipita hapo, sema, "Mjomba, jibu ni hilo. Naomba tuagane vizuri."

*Umefaulu ikiwa* simu imekatwa kwa salamu, na ukiulizwa ulitoa sababu gani, huna ya kutaja.

## Hatua ya 6: Zawadi, kama ulipanga

Si lazima. Ila kama ulipanga, usiitaje kwenye simu ile ya kukataa. Ukisema "laki tano sitaweza, lakini chukua elfu thelathini", umeanzisha bei, na mjomba atapandisha.

Subiri siku kadhaa, kisha tuma na ya kutolea juu yake, pamoja na maneno mafupi: "Mjomba, hii ya sukari nyumbani." Akijibu kwamba atairudisha, mwambie hapana, ni yake. Usiiache igeuke mkopo mdogo.

Kama unaituma ili hatia ikuondoke, iache. Utatuma tena wiki ijayo.

## Hatua ya 7: Jiandae kwa wajumbe

Kabla wiki haijaisha mama atapiga. "Mjomba wako amenilalamikia." Hapa wengi waliofaulu hatua tano za mwanzo wanaangukia, kwa sababu mama ni mama: tunamfungulia kila kitu, bati, ada, deni la benki. Jioni maelezo yote yamefika Singida, na kesho yake mjomba anapiga akiwa na jibu la kila moja.

Mpe mama upole wote na sentensi ile ile: "Mama, mjomba nilimpigia nikamjibu mwenyewe. Mkopo sikuweza. Naomba hili tuliache hapo." Kisha hamia kwenye habari zake yeye.

Akisema "basi nipe mimi, nitampa", ni mkopo ule ule umezunguka, na sasa mbaya zaidi, kwa sababu isiporudi utakuwa unamdai mama.

Kwenye kundi la ukoo usijibu lolote kuhusu suala hili, hata likitajwa kwa mafumbo. Likiitishwa jambo la familia, nenda, salimia, kaa, na ukiulizwa rudia yale yale.

*Umefaulu ikiwa* mama na mjomba wakikaa pamoja, kila mmoja ana kauli yako moja, nayo ni ile ile.

## Hatua ya 8: Mpigie tena, kwa jambo jingine

Ndani ya wiki moja, mpigie kumsalimu. Muulize mvua, muulize watoto, na alizeti unaweza kuiuliza pia, kama ndugu anayejali. Kisichotajwa ni mkopo. Hatua hii watu wanairuka kwa aibu, halafu ukimya unageuka ugomvi ambao hakuna aliyeuanzisha.

Asipopokea, pigia Jumapili inayofuata. Usitume ujumbe mrefu wa kuomba radhi, hukumkosea. Ukipita Singida, ingia kwake hata kwa nusu saa, na usiende mikono mitupu.

Ishara ya kwamba mambo yamekaa ni kuwa anapokea salamu kama zamani, na pesa ameshatafuta kwingine. Ishara kwamba kuna neno lilikuponyoka ni akitaja tarehe: "Ulisema mpaka mwezi uishe." Hapo usikasirike. Rekebisha siku hiyo hiyo: "Mjomba, niliongea vibaya. Hata mwezi ukiisha sitaweza."

## Kama umeshaahidi

Unaposoma hapa labda ndiyo ilishakutoka. Bado inawezekana kuirudisha, ila kila saa inaongeza gharama. Piga leo: "Mjomba, jana nilikujibu kwa haraka. Nimefikiria, mkopo ule sitaweza. Nisamehe kwa kukupa matumaini." Safari hii samahani inastahili, kwa sababu kweli umemkosea. Ni moja tu, na bado haina sababu ndani yake.

Kisha muulize swali la pesa, la aina niliyokukataza kwenye hatua ya 1: je, kuna pesa ameshatoa kwa kutegemea neno lako? Kama ameweka elfu hamsini kwa mwenye magunia na haitarudi, hiyo elfu hamsini ni ya kwako. Mtumie kabla hajakuomba, mwambie ni fidia na si sehemu ya mkopo, na ukishatuma endelea na hatua ya 7, kwa sababu mama atapiga.